Moja kati ya milioni tatu, ya nini?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mafunzo ya mawakili na waendesha mashtaka vijana. Walioikosa wameiomba, naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.)

Waheshimiwa mahakimu mliotutembelea, mawakili wasomi, wanangu waendesha mashtaka, habari za mchana. Najua mmetoka kula pilau na saa hii ni ya usingizi. Kwa hiyo naanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu aibu ya mtu mzima huamsha watu.

Miaka ya nyuma nilisimama kizimbani kama shahidi, nikiwa mchunguzi wa maabara. Kulikuwa na shati lenye doa la damu, na kulikuwa na mshtakiwa. Nikaeleza kwamba vinasaba vya kwenye doa vinafanana na vyake, na kwamba ukimchukua mtu yeyote asiye ndugu yake, uwezekano wa kufanana na doa lile ni takriban 1 kati ya milioni 3. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Mwendesha mashtaka akasimama, kijana mwerevu, akaniuliza kwa upole: "Kwa hiyo, shahidi, uwezekano kwamba damu hii si ya mshtakiwa ni moja kati ya milioni tatu?"

Nikajibu: "Ndiyo, mheshimiwa."

Jaji akaandika. Nilimwona akiandika. Nikashuka kizimbani nikiwa na furaha kabisa, nikaenda kunywa chai.

Je, kuna mtu humu ndani ameona nilichokosea? Msione haya. Hata mimi sikukiona kwa miaka kadhaa.

Tuanze na namba yenyewe, maana mawakili wengi wanaipokea kama inavyoshuka kutoka mbinguni. Namba hii haishuki, inapikwa, na mapishi yake ni mepesi.

Kwenye vinasaba vyetu kuna sehemu ambazo herufi chache zinajirudia kama mtoto mwenye kigugumizi: GATA, GATA, GATA. Mwenzako amerudia mara 7, wewe mara 9. Kila sehemu unazo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, kwa hiyo kwenye sehemu hiyo wewe ni "7 na 9". Sehemu hizi hazisemi kama una akili au una hasira. Ni urefu tu. Maabara inazinakilisha sehemu hizo mara mamilioni, inazipitisha kwenye mashine inayozipanga kwa urefu, na mashine inachora vilele. Kilele kwenye 7, kilele kwenye 9. Huo ndio wasifu wa vinasaba: orodha ya namba mbilimbili, basi.

Sasa, watu wangapi ni "7 na 9"? Tunaangalia sampuli za watu mia kadhaa wa jamii husika, tunahesabu. Tuseme kwenye sehemu ya kwanza ni mtu 1 kati ya 20. Ukiongeza sehemu ya pili, nayo 1 kati ya 20, unazidisha: 1 kati ya 400. Ya tatu, 1 kati ya 8,000. Ya nne, 1 kati ya 160,000. Ya tano, 1 kati ya milioni 3 na laki 2. Ya sita, 1 kati ya milioni 64. Sehemu halisi hazilingani hivi, nyingine ni 1 kati ya 8, nyingine 1 kati ya 50, lakini mwendo ni huo. Mnaona namba inavyokimbia? Kila sehemu inaizidisha.

Na kesi yangu ilikuwa na sehemu tano. Kifaa chetu wakati ule kilisoma sehemu 15. Kwa nini nikapata tano? Kwa sababu lile shati lilifungwa likiwa bichi kwenye mfuko wa nailoni, likakaa wiki kadhaa kwenye stoo yenye bati. Joto na unyevu hukatakata vinasaba, na vipande virefu ndivyo vinavyokatika kwanza. Kwenye karatasi ya mashine unakiona kwa macho: upande wa kushoto vilele vimesimama, kuelekea kulia vinafifia kama taa ya kibatari inayokwisha mafuta, halafu kimya. Wapelelezi mlioko hapa, nawaomba: kausheni, halafu bahasha ya karatasi. Nailoni ni ya vitumbua.

Namba hiyo, 1 kati ya milioni 3, inajibu swali gani? Inajibu swali moja tu: *kama damu si yake*, kuna uwezekano gani wafanane kwa bahati? Mwendesha mashtaka aliniuliza swali jingine: *kwa kuwa wamefanana*, kuna uwezekano gani damu isiwe yake? Yanasikika kama mapacha. Si mapacha, hata binamu si binamu.

Chukueni mpira. Siku ya mechi ya watani, ukimkuta shabiki wa Simba uwanjani, karibu hakika amevaa nyekundu. Sasa geuza. Jumanne asubuhi, Kariakoo, unamwona mtu amevaa nyekundu. Je, karibu hakika ni shabiki wa Simba? Huenda ni mwajiriwa wa kampuni ya soda. Huenda ni Yanga aliyekosa nguo safi. Sentensi ya kwanza ni ya kweli, ya pili umeitengeneza kwa kuigeuza ya kwanza kichwa chini miguu juu. Kugeuza huko, kukifanywa mahakamani, ndiko kunakoitwa kosa la mwendesha mashtaka. Jina lilianza kutumika mwaka 1987, kwenye utafiti wa Wamarekani wawili, Thompson na Schumann. Msikasirike, waendesha mashtaka. Kama mlivyosikia, mashahidi tunaliingia pia, na kwa miguu yetu wenyewe.

Nilijua kosa langu niliposoma kesi ya Deen, ya Manchester, Uingereza. Nilisoma nikahisi joto masikioni. Mtaalamu yuko kizimbani, namba ni ileile, 1 kati ya milioni 3. Anaulizwa: basi uwezekano wa kuwa mtu mwingine yeyote isipokuwa mshtakiwa ni 1 kati ya milioni 3? Anakubali. Swali lilelile, jibu lilelile! Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaifuta ile hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya.  Sentensi ile ilikuwa mbovu.

Mwaka 1996 mahakama hiyohiyo, kwenye rufaa za Doheny na Adams, ikaamua kufanya hesabu hadharani ili watu waelewe. Jaji Phillips akasema: tuchukue wasifu unaopatikana kwa mtu 1 kati ya milioni. Nchini Uingereza watakuwapo wanaume kama 26 wenye wasifu huo. Ikiwa hujui kitu kingine chochote kuhusu mshtakiwa, zaidi ya kwamba alikuwa nchini, basi uwezekano kwamba ni yeye ni 1 kati ya 26. Si 999,999 kati ya milioni. Moja kati ya 26!

Tuilete nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu milioni 61 na zaidi, wa kiume wakiwa milioni 30 hivi, wazee kwa watoto. Gawanya milioni 30 kwa milioni 3. Unapata watu 10. Mmoja yuko kizimbani. Wengine tisa? Mmoja pengine anavua Mafia, mwingine anachunga Simanjiro, wawili ni watoto wa shule. Hatuwajui, hatujawapima. Kwa ushahidi wa doa peke yake, mtu wangu alikuwa mmoja kati ya kumi, nami nilimwambia jaji kitu ambacho masikioni mwake kilikuwa na maana kwamba hakuna shaka.

Nawaona mawakili wa utetezi mnatabasamu. Ngojeni kidogo, na nyie mna kosa lenu. Wakili anasimama na kusema: "Watu kumi wana wasifu huu, mteja wangu ni mmoja tu wa kumi, kwa hiyo ushahidi huu hauna uzito." Hauna uzito? Umechukua watu milioni 30 ukawabakiza 10! Ungebeba gunia la mchele ukabakiza punje kumi mkononi, ungesema hukupepeta kitu? Kama mmoja wa hao kumi alionekana kwenye kile kichochoro usiku ule, na simu ya marehemu ikakutwa chini ya godoro lake, wale tisa wa Mafia na Simanjiro wanaondoka wenyewe. Ndiyo maana mahakama ile ya Uingereza ilitaka watu 12 wa baraza, wale raia wanaoamua hatia huko, waelezwe hivi: kwa ushahidi huu, huenda wako watu wanne au watano nchini ambao doa lingeweza kutoka kwao, na mshtakiwa ni mmoja wao, sasa tazameni ushahidi mwingine muamue kama ni yeye au ni mmoja wa wale wengine. Mimi naona ni maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kusoma, kwa sababu hata bibi yangu angeyaelewa.

Sasa hapo kuna neno limejificha: "ushahidi mwingine." Na kama hakuna?

Mwaka 1999 polisi wa Uingereza walimkamata mwanamume mmoja wa mji wa Swindon kwa wizi uliofanyika kwenye nyumba moja Bolton, safari ya zaidi ya kilomita 250. Walimpataje? Walichukua wasifu wa doa kutoka eneo la tukio, wakaupitisha kwenye kanzidata ya taifa, na kompyuta ikatoa jina. Vinasaba vyake vilikuwemo kwa sababu ya ugomvi wa kifamilia wa zamani. Sehemu sita zimefanana zote, uwezekano 1 kati ya milioni 37. Kesi imekwisha, sivyo?

Mtu mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa Parkinson uliokwisha mshika sana. Alikuwa haendeshi gari, na kutembea hatua chache bila kushikwa mkono ilikuwa kazi. Huyo ndiye aliyepanda dirisha Bolton? Wakili wake aking'ang'ania, sampuli zikapimwa upya kwa mtindo mpya wa sehemu kumi. Sehemu za ziada zikakataa. Hakuwa yeye.

Na namba haikudanganya, ndugu zangu. Uingereza wakati ule ilikuwa na watu milioni 59 hivi. Kwa 1 kati ya milioni 37, mtu mmoja au wawili wa kufanana kwa bahati ni jambo la kutarajiwa. Halafu kanzidata ilikuwa na watu wapatao 700,000. Gawanya milioni 37 kwa 700,000: kama 53. Maana yake, kila doa ambalo mwenyewe hayumo kwenye kanzidata, likipitishwa humo, lina nafasi 1 kati ya 53 ya kumwangukia mtu asiyehusika. Pitisha madoa mia ya namna hiyo, utarajie karibu watu wawili wasio na hatia kugongewa mlango alfajiri.

Mnaona tofauti? Kumshuku mtu kwa sababu zako, halafu ukampima na akafanana, ni jambo moja. Kuwapima watu laki saba halafu ukamchukua aliyefanana ni jambo lingine. Aliyepatikana kwenye kanzidata anakuja na namba yake, lakini amekuja mikono mitupu, hana ushahidi mwingine aliokuja nao. Mpelelezi anatakiwa aanze kazi pale, na wengi pale ndipo wanapoimaliza.

Mtaniambia: mzee, hizo ni hadithi za sehemu sita. Leo tunasoma zaidi ya 15, namba zinafika mabilioni. Ni kweli, na sitabishana nanyi. Wasifu kamili, wa mtu mmoja, wa sampuli safi, ukifanana na mshtakiwa, bahati nasibu kwa watu wasio ndugu si hoja tena, na wakili atakayetumia saa nzima kuisukuma anapoteza muda wa mahakama. Waingereza wenyewe wakifika kwenye wasifu kamili huishia kusema 1 kati ya bilioni, hawapandi zaidi hata kama hesabu inapanda.

Lakini jiulizeni namba hiyo ya bilioni haikuhesabu nini. Haikuhesabu mkono wa binadamu. Mwaka 2011, Uingereza tena, kijana mmoja wa kusini kabisa alikaa mahabusu miezi kadhaa kwa ubakaji uliofanyika Manchester. Alisema hajawahi kufika Manchester. Rekodi za simu yake zilimweka Plymouth, hukohuko kusini. Nani amsikilize, vinasaba vimesema? Baadaye ikagundulika maabarani kwamba trei ya plastiki, ambayo ilitakiwa itumike mara moja na kutupwa, ilikuwa imetumika tena. Mate ya yule kijana, yaliyopimwa kwa kesi nyingine ndogo, yalikuwa yamebaki humo. Wasifu ulikuwa wake kweli, ila haukutoka Manchester, ulitoka kwenye trei. Maabara ikikosea mara moja katika vipimo elfu kumi, ile bilioni haina kazi; uzito wa ushahidi wako unabanwa na ile elfu kumi. Kwa hiyo wakili msomi, ukinihoji, usinihoji bilioni. Niulize sampuli hizi mbili zilipita meza moja? Siku moja? Kipimo cha udhibiti, kile kisichowekwa sampuli yoyote, kilitoka tupu? Naomba uione karatasi yake.

Na la pili ambalo namba haikuhesabu, kwetu ndilo kubwa kuliko kwa Waingereza. Nilisema nini pale mwanzo? "Asiye ndugu yake." Maneno matatu, tunayasoma harakaharaka kama masharti ya mkopo wa simu.

Fikirini ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Kwenye kila sehemu mama ana nakala mbili, anampa kila mtoto moja. Uwezekano wa kaka na mdogo wake kupata ileile ni nusu. Kwa baba, nusu. Kwa hiyo kufanana kabisa kwenye sehemu moja ni robo, na ukiongeza bahati za kawaida inafika karibu theluthi. Mtu wa barabarani alikuwa 1 kati ya 20, kaka ni 1 kati ya 3! Sasa zidisha kwa sehemu tano. Kwa mtu baki ilikuwa 1 kati ya milioni 3. Kwa kaka inakuwa 1 kati ya mia mbili na kitu. Na ukiwa na kaka wawili, nafasi zinakuwa mbili.

Kuna kesi ya Marekani, ya jimbo la Nevada, McDaniel dhidi ya Brown, iliyofika Mahakama ya Juu ya nchi ile mwaka 2010. Yumo mle shahidi wa maabara aliyesema 1 kati ya milioni 3, namba hii inanifuata kila mahali. Mwendesha mashtaka akamvuta taratibu mpaka akakubali sentensi iliyogeuzwa, ingawa mwanzo alisita. Namsifu kwa kusita, mimi sikusita hata kidogo. Mshtakiwa alikuwa na ndugu wanne wa kiume, wawili wakiishi mji uleule. Shahidi akasema kwa ndugu uwezekano ni 1 kati ya 6,500. Profesa aliyeipitia kazi hiyo miaka mingi baadaye akaandika kwamba kwa ndugu mmoja ni 1 kati ya 263, na kwa wanne, kwamba angalau mmoja afanane, ni 1 kati ya 66. Majaji walikubali kwamba kosa la kugeuza sentensi lilifanyika. Lakini hawakumpa ushindi, kwa sababu kulikuwa na ushahidi mwingine mzito, na kwa namna rufaa ilivyoletwa walitakiwa kuupima ushahidi wote uliosikilizwa, pamoja na ule wenye kasoro.

Sasa kwetu. Ni nani humu ana ndugu mmoja tu? Nyosheni mikono. Wawili. Ukumbi mzima! Kwenye nyumba ya wake watatu, kwenye kijiji ambacho watu wameoana kwa vizazi, hilo neno "asiye ndugu yake" linawaacha nje watu gani? Linawaacha nje walewale wanaolala naye nyumba moja, wanaoazimana naye shati, wanaopita naye kichochoro kimoja. Na dawa yake si hesabu ngumu. Dawa ni pamba mbili za mate: mpime kaka, mpime mdogo wake, kwa kufuata Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Wakitofautiana na doa kwenye sehemu moja tu, na doa ni safi, wametoka.

Nikiandika ripoti siku hizi sikubali kuulizwa "uwezekano kwamba si yake." Nikiulizwa nasema, mheshimiwa, swali hilo ni la mahakama, mimi siwezi kulijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba matokeo haya yanatarajiwa mara milioni 3 zaidi kama damu ni yake kuliko kama ni ya mtu asiye ndugu yake. Kisha naongeza sentensi ya pili, ya ndugu, na namba yake, hata kama hakuna aliyeuliza.

Naiongeza kwa sababu hii. Baada ya kusoma ile kesi ya Manchester niliomba kuliona tena faili la kesi yangu. Lilikuwa na vumbi, kamba yake imeoza. Ukurasa wa pili kulikuwa na maelezo ya mpelelezi kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: mshtakiwa anaishi kwa mama yake, pamoja na kaka zake wawili. Ukurasa huo ulikuwa umeambatanishwa na sampuli niliyoletewa. Kwenye pembe ya juu kulikuwa na sahihi ya kuthibitisha kwamba maabara imeupokea na kuusoma.

Sahihi ilikuwa yangu.